Siku 10 ni za mbwa, si za aliyeng'atwa

Mbwa anapomng'ata mtu kijijini, mara nyingi hutokea mtu mzima akasema: "Mfungeni huyo mbwa siku 10 mmwangalie. Akifa, mpelekeni mtoto hospitali." Msemaji ana nia njema, na sehemu ya kwanza ya ushauri wake ni sahihi. Sehemu ya pili ndiyo inayoua.

Makala haya yanahusu kosa hilo moja. Watu wengi wanajua kwamba kichaa cha mbwa ni ugonjwa hatari na kwamba una chanjo. Wanapokwama ni katika saa chache za kwanza, pale wanapojiuliza kama hiki kilichotokea ni cha kwenda hospitali au ni cha kungoja. Jibu lao hulitafuta kwa mbwa: je, alionekana mgonjwa, ni wa nani, ana chanjo? Jibu la kwanza halipo kwa mbwa. Lipo kwenye ngozi ya mtu.

Virusi vya kichaa cha mbwa hukaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Havipiti kwenye ngozi nzima. Vikipata njia, yaani tundu la jino, mchubuko, kidonda cha zamani, au utando laini wa macho, pua na mdomo, huingia kwenye nyama, na baada ya muda hushika neva na kupanda taratibu kuelekea kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi 2 au 3, ingawa inaweza kuwa wiki moja tu au ikafika mwaka. Aliyeng'atwa usoni au kichwani yuko hatarini zaidi kuliko aliyeng'atwa mguuni, kwa sababu njia ya kufika kwenye ubongo ni fupi. Muda wote huo mtu hasikii lolote. Anakula, anacheza, anakwenda shule. Kisha kovu linaanza kuwasha au kufa ganzi, homa inapanda, na baada ya hapo koo linakaza akiona maji au akipulizwa na upepo. Hatua hiyo ikifika, hakuna dawa ya kumrudisha. Tiba yote ya ugonjwa huu iko kabla ya dalili, wakati mtu ni mzima kabisa na anaona hana haja ya sindano.

Tuchukue nyumba moja ya mfano, tuseme iko katika kijiji cha Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara. Ni Jumatatu asubuhi. Mbwa wa jirani, ambaye watoto wanamfahamu kwa jina, ameingia uani na kumng'ata mvulana wa miaka 5 kwenye mkono, chini kidogo ya kiwiko. Dada yake wa miaka 11 alipokimbia kumwondoa, mbwa alimparura mguuni kwa kucha. Bibi yao hakuguswa leo, ila jana jioni alimlisha mbwa huyohuyo makombo, naye akamlamba mikono. Baba alimrushia tonge la ugali kutoka mbali. Mbwa ni mmoja na watu ni wanne. Mhudumu wa afya wa kijiji anaitwa, na kazi yake ya kwanza ni kuamua nani anahitaji nini.

Shirika la Afya Duniani linagawa matukio haya katika makundi matatu, na mhudumu anayatumia hata kama hayataji kwa namba. Kundi la kwanza ni kumgusa mnyama, kumlisha, au kulambwa kwenye ngozi nzima. Huko virusi havina mlango, kwa hiyo mtu ananawa mikono na hahitaji chanjo. Kundi la pili ni kutafunwa kidogo juu ya ngozi, au kuparuzwa na kuchubuliwa bila damu kutoka. Hapo jeraha linaoshwa na chanjo inaanza siku hiyohiyo. Kundi la tatu ni jino au kucha iliyopenya ngozi, hata kama ni tundu moja dogo, mate yaliyoingia kwenye ngozi iliyochubuka au machoni, puani na mdomoni, na pia kugusana moja kwa moja na popo. Huyo anaoshwa, anapewa chanjo, na anaongezewa sindano nyingine nitakayoieleza mbele kidogo.

Baba ni kundi la kwanza, hana la kufanya. Mvulana ni kundi la tatu bila ubishi, kwani mkono wake una matundu mawili ya meno. Damu imetoka kidogo tu na tayari imekauka, na mama yake anasema "hakuumia sana". Kwa ugonjwa huu wingi wa damu si kipimo. Tundu jembamba linalojifunga upesi linaweza kuwa baya kuliko mpasuko mpana, kwa sababu mate yamefungiwa ndani na ni vigumu kuyaosha.

Msichana ana mstari mwekundu kwenye ugoko. Mhudumu anaupangusa kwa kitambaa cheupe kisafi, na kitambaa kinabaki cheupe. Ni kundi la pili. Wengi wangemwacha wakisema ni ukucha tu, lakini mbwa hulamba miguu yake, na mate yanaweza kubaki kwenye kucha. Msichana naye ana safari ya hospitali.

Amebaki bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mimi usihangaike nami. Alinilamba tu."

"Naomba niione hiyo mikono, bibi."

Bibi anainyoosha. Kwenye kidole gumba cha kushoto pana mkato mpya. Jana alasiri alikuwa akimenya mihogo na kisu kikateleza. Mbwa alimlamba baada ya hapo. Kulambwa kwenye ngozi nzima kungekuwa kundi la kwanza. Kulambwa juu ya mkato ambao haujafunga ni kundi la tatu, sawasawa na mjukuu aliyeng'atwa. Kama mhudumu angetosheka na maneno "alinilamba tu", bibi angebaki nyumbani. Ndiyo sababu swali zuri si "mbwa alikufanya nini?" peke yake, bali pia "hapo alipogusa, ngozi ikoje?" Na anayeuliza aangalie kwa macho yake mwenyewe, mchana, si kwa mwanga wa kibatari.

Kabla ya kutafuta bodaboda, wote watatu wanaoshwa. Hatua hii haina bei, haihitaji mtaalamu, na ndiyo inayorukwa zaidi. Virusi hivi vimevikwa utando wenye mafuta, na sabuni huuyeyusha utando huo kama inavyoyeyusha mafuta ya kupikia kwenye sufuria. Kirusi kilichovuliwa utando hakiwezi kuambukiza. Maji yanayotiririka nayo huyatoa mate kwenye jeraha na kuyapeleka chini. Sabuni na maji vinafanya kazi mbili tofauti, kwa hiyo moja haichukui nafasi ya nyingine.

Muda unaotakiwa ni dakika 15 kamili. Watu wengi wakiambiwa waoshe jeraha humwagia kikombe kimoja, wakapangusa, wakamaliza. Dakika 15 ni ndefu sana mtoto anapolia, kwa hiyo pima kwa simu, si kwa kukisia. Nyumba isiyo na bomba inahitaji ndoo moja ya lita 20 na jagi. Jagi la lita moja likimiminwa polepole kwa dakika nzima, mara 15, jeraha linakuwa limeoshwa na bado lita 5 zimebaki ndoani. Kibuyu chirizi kinachotumika kunawia mikono nje ya choo kinafaa vilevile. Sabuni ya mche inatosha, na hata ya unga ikiyeyushwa. Povu linaingizwa taratibu ndani ya matundu kwa vidole vya mtu mwenye mikono mizima, bila kusugua kwa nguvu wala kwa brashi, maana kusugua huchana nyama na kuvifungulia virusi njia mpya. Damu ikianza kutoka tena wakati wa kuosha, usishtuke. Endelea. Kisha jeraha hupakwa ayodini au spiriti kama ipo.

Mhudumu wetu anampakata mvulana mapajani, mkono ukiwa juu ya beseni, huku dada mtu akihesabu majagi. Mtoto analia kwenye majagi matatu ya kwanza. Kufikia la saba anauliza povu limetoka wapi.

Baada ya kuosha, jeraha halifunikwi kwa kitu chochote kinachobana. Halipakwi pilipili, chumvi, mafuta ya gari, maji ya betri, ugoro wala majani yaliyosagwa, na halibandikwi jiwe jeusi. Nimekua nikiona mengi ya hayo yakifanywa na watu waliompenda mgonjwa wao. Vitu hivyo huunguza nyama na kuharibu kingo za jeraha, na baadhi huvisukuma virusi ndani zaidi. Ubaya wao mkubwa ni kwamba vinampa mtu hisia ya kuwa ametibiwa, naye anabaki nyumbani. Kushona pia kunaahirishwa inapowezekana, maana sindano ya nyuzi hupitisha mate kwenye nyama ambayo haikuwa imeguswa. Jeraha kubwa lisiloweza kuachwa wazi hushonwa kwa kulegezwa, baada ya ile sindano ya ziada kuingizwa ndani yake.

Sasa hospitali. Wazee wengi bado wanakumbuka simulizi za sindano 14 za tumboni, kuzunguka kitovu, na kuna wanaojificha kwa ajili ya hofu hiyo. Hizo zilikuwa chanjo za zamani zilizotengenezwa kwa ubongo wa wanyama. Za leo hutengenezwa kwa seli zinazokuzwa maabara na hudungwa begani. Mtoto aliye chini ya miaka 2 akipewa sindano ya msuli hudungwa pajani, upande wa mbele kwa nje. Hazidungwi kwenye makalio, kwa sababu mafuta ya huko huizuia chanjo kufanya kazi ipasavyo. Mzazi akiona mwanawe anageuzwa adungwe kalioni, ana haki ya kuuliza.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni ndani ya msuli, kichupa kizima kila mara. Kuna ratiba ya dozi 4, na baadhi ya vituo bado hutoa 5 katika mwezi mmoja. Ya pili ni ndani ya ngozi, nayo ndiyo iliyobadilisha mambo. Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani limeikubali ratiba ya wiki moja: mililita 0.1 kila bega, siku ya 0, ya 3 na ya 7, basi. Siku ya 0 ni siku ya sindano ya kwanza. Familia yetu ikianza Jumatatu, inarudi Alhamisi, kisha Jumatatu inayofuata. Sindano ya ngozi ikiingia vizuri huacha kivimbe cheupe kama cha kung'atwa na mdudu. Kisipotokea, chanjo imeshuka chini ya ngozi, na muuguzi huirudia pembeni.

Hesabu ya vichupa inaonyesha kwa nini njia hii ni muhimu. Kwa njia ya msuli, watu wetu watatu wangehitaji vichupa 12 wakipewa dozi 4 kila mmoja. Kwa njia ya ngozi kila mtu anatumia mililita 0.2 kwa siku, kwa hiyo kichupa kimoja cha mililita 1 kinawatosha wote watatu kwa siku moja na kubakisha. Vichupa 3 vinamaliza kazi yote. Sharti lake ni kwamba kichupa kikishafunguliwa hukaa kwenye baridi na kutumika ndani ya saa 6 hadi 8, kinachobaki kinamwagwa. Ndiyo maana baadhi ya vituo huwaomba watu walioumwa na wanyama waje siku moja. Lakini asipewe mtu siku ya kesho kutwa kwa dozi yake ya kwanza ati apatikane mwenzake wa kugawana naye. Dozi ya kwanza ni ya leo.

Chanjo huufundisha mwili kutengeneza kingamwili zake, na somo hilo huchukua kama siku 7 hadi 10 kabla mwili haujaanza kujibu vya kutosha. Kwa mtu wa kundi la tatu, hilo ni pengo la hatari, maana virusi vimeshaingia ndani. Hapo ndipo inapohitajika ile sindano ya ziada, ya kingamwili zilizokwisha tengenezwa, ambazo wengi huziita seramu. Hutolewa kwa binadamu au farasi waliopata chanjo. Haidungwi begani. Inaingizwa ndani ya jeraha lenyewe na kulizunguka, palepale mate yalipoachwa, ivikamate virusi kabla havijashika neva.

Kipimo chake hutegemea uzito. Mvulana wetu ana kilo 18. Seramu ya binadamu hutolewa yuniti 20 kwa kila kilo, yaani 360. Kichupa chenye yuniti 150 kwa mililita kinamaanisha mililita 2.4, kama nusu ya kijiko cha chai. Kiasi hicho kinaweza kuenea kwenye nyama ya mkono chini ya kiwiko. Kwenye kidole gumba cha bibi hakienei, na daktari ataweka kile tu ambacho kidole kinaweza kubeba bila kubana damu. Majeraha yakiwa mengi, dawa huongezwa maji ya chumvi ya hospitali ili ifike kwenye kila tundu, kwa sababu tundu lililosahaulika ni mlango ulioachwa wazi. Msichana, aliye kundi la pili, haihitaji. Mtu ambaye kinga yake imedhoofika sana, kwa mfano kwa VVU visivyodhibitiwa, amweleze daktari mapema, kwa kuwa yeye anaweza kuihitaji hata akiwa kundi la pili.

Seramu ni ghali na mara nyingi haipo. Familia inayoambiwa "hatuna" isirudi nyumbani mikono mitupu. Jeraha likioshwa vizuri na chanjo ikianza mara moja, uwezekano wa kuokoka bado ni mkubwa mno. Seramu inaweza kutafutwa na kutolewa hadi siku 7 baada ya dozi ya kwanza ya chanjo. Zaidi ya hapo haina kazi, mwili umeshaanza kujitengenezea yake.

Sasa turudi kwa mbwa na siku zake 10. Zina maana gani? Mbwa mgonjwa hutoa virusi kwenye mate katika siku chache za mwisho za maisha yake, zikiwemo siku chache kabla hajaonyesha dalili. Ndiyo maana mbwa anayeonekana mzima leo anaweza kuambukiza leo. Lakini hawezi kuambukiza Jumatatu kisha akawa bado hai na mzima wiki moja na nusu baadaye. Akivuka siku 10 akiwa mzima, mate yake ya siku ile hayakuwa na virusi. Huo ni ushahidi mzuri, ila unakuja mwishoni. Unatumika kusimamisha chanjo iliyokwisha kuanza. Hautumiki kuichelewesha.

Tazama kalenda ya familia yetu. Dozi ya mwisho ya ngozi ni Jumatatu ya pili. Siku ya 10 ya mbwa ni Alhamisi ya wiki hiyo. Matibabu yameisha siku tatu kabla mbwa hajatoa jibu lake. Wanaofuata ratiba ndefu ya msuli wanaweza kuokoa dozi za mwisho mbwa akionekana mzima, na hiyo ni faida ya kweli kwa mfuko wa mzazi. Lakini anayengoja mbwa afe ndipo aanze ametupa wiki nzima ambayo kingamwili zingekuwa zinatengenezwa, na ameiacha nafasi bora ya seramu ipite.

Kwa hiyo mbwa afungwe kwa mnyororo mahali salama, apewe chakula na maji bila mtu kumsogelea, na afisa mifugo wa kata aarifiwe. Asiuawe kama anaweza kufungwa, maana akiuawa siku ya kwanza ushahidi umepotea. Ikibidi kumuua, asipigwe kichwani, kwa sababu ubongo ndio unaopimwa maabara. Kadi yake ya chanjo, kama ipo, ipelekwe hospitali. Ni taarifa nzuri kwa daktari, lakini kadi inaweza kuwa ya miaka mitatu iliyopita au ya mbwa mwingine. Maneno "ni mbwa wetu" na "ni mtoto wa mbwa tu" hayana uzito wowote. Mtoto wa mbwa hupata kichaa kama mkubwa. Na kanuni ya siku 10 ni ya mbwa na paka pekee. Haitumiki kwa fisi, bweha, punda wala ng'ombe.

Ng'ombe anastahili neno lake. Ng'ombe mwenye kichaa hutokwa na mate mengi, hushindwa kumeza na hulia kwa sauti ya kukwama. Mfugaji akiona hivyo hudhani amekwamwa na kitu kooni, anakunja shati na kuingiza mkono mdomoni kutafuta. Mkono wa mkulima haukosi mkwaruzo. Mtu huyo yuko kundi la tatu, na kwa kuwa hakung'atwa na mnyama yeyote, haendi hospitali. Ukiona ng'ombe wa namna hiyo, mwite afisa mifugo na uuweke mkono wako mbali na mdomo wake. Nyama yake isiliwe, na aliyemchinja aeleze hospitali, kwa sababu hatari yake iko kwenye mate na ubongo alioshika.

Mara nyingi wanaokuja kuuliza wameshachelewa, nao huuliza kwa aibu. "Mwanangu aling'atwa wiki tatu zilizopita, sasa nimesikia yule mbwa alikufa. Bado?" Bado. Maadamu hakuna dalili, hakuna siku ambayo chanjo imechelewa mno, na mtu anayefika baada ya miezi hutibiwa kama aliyeng'atwa leo. Aliyekosa dozi ya Alhamisi akaja Ijumaa huendelea pale alipoishia, haanzi upya. Mjamzito anachanjwa. Anayenyonyesha anachanjwa. Kwa ugonjwa huu hakuna hali ya mwili inayomfanya mtu anyimwe chanjo. Aliyewahi kumaliza chanjo zamani anaoshwa na kupewa dozi chache tu, bila seramu, kwa hiyo kadi yake aitunze kama cheti cha kuzaliwa.

Inakadiriwa watu 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa kichaa cha mbwa, wengi wao Asia na Afrika, na karibu wote waliambukizwa na mbwa. Kati ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa, kama asilimia 40 ni watoto walio chini ya miaka 15. Mtoto hucheza na mbwa, hafahamu ishara za mbwa aliyekasirika, na akichubuliwa kidogo huficha akiogopa kuchapwa. Mwambie mwanao leo kwamba akiguswa na meno au kucha za mbwa hatachapwa, hata kama alikuwa ametumwa dukani akapita njia aliyokatazwa.

Na kuna jambo moja la kufanya kabla mbwa hajamng'ata mtu yeyote nyumbani kwako. Zahanati nyingi za vijijini hazina chanjo hii, na familia hupoteza siku nzima zikizunguka kutoka kituo hadi kituo, jeraha likiwa mkononi. Ukipita zahanati wiki hii, muulize muuguzi: chanjo ya kichaa cha mbwa inapatikana hospitali gani, inatolewa kwa njia ya ngozi au ya msuli, na inagharimu kiasi gani? Andika jibu lake pamoja na namba ya simu ya afisa mifugo wa kata, ubandike nyuma ya mlango, pale ndoo ya maji inapokaa.